Namna ya kuandika barua ya rufaa ya uchungu pingamizi: kutoka zahanati hadi kwa daktari wa zamu

Wakunga wapya walio zahanati za vijijini huniuliza maswali yaleyale. Niite gari kwanza au niandike kwanza? Niandike kwa Kiingereza? Fomu ina mistari mitatu tu ya maelezo, nijaze nini? Na lile linaloulizwa kwa sauti ya chini: je, nikiandika kwamba alikunywa dawa ya kienyeji, nitakuwa nimemchongea?

Mimi niko upande wa kupokea, wodi ya wazazi katika hospitali ya wilaya nchini Tanzania. Barua nyingi zinazofika zimeandikwa "uchungu umechukua muda mrefu, tunaomba msaada zaidi." Hiyo humwambia daktari kwamba kuna tatizo, jambo ambalo ameshaliona kwa macho. Barua nzuri humwezesha kuamua kabla mama hajashuka kwenye gari: aandae chumba cha upasuaji au la, atafute damu au la, ana saa ngapi au hana hata moja.

Mwongozo huu unahusu hali moja tu, uchungu pingamizi: kizazi kinasukuma vizuri lakini mtoto hashuki kwa sababu njia imembana.

Vitu vya kuwa navyo mkononi

- Kadi ya kliniki ya mama
- Patografu, kama ulishaianza
- Fomu ya rufaa yenye nakala, au karatasi mbili na karatasi ya kaboni
- Saa moja tu ya kusomea muda (ya ukutani au ya simu, si zote mbili)
- Fetoskopu, mashine ya presha, kipimajoto
- Simu yenye salio na chaji. Namba ya dharura ya mfumo wa m-mama ni 115, na kuipiga ni bure
- Bahasha

Hatua ya 1: Piga simu kabla ya kushika kalamu

Ukishaona dalili, piga 115 au namba ya gari la wagonjwa la eneo lako. Gari likiwa njiani ndipo unaweka dripu, ndipo unaandika. Ukiandika kwanza, gari linaanza safari wakati barua imekwisha, na nusu saa hiyo huirudishi tena.

Kisha mpigie daktari au mkunga wa zamu wa hospitali unakompeleka. Mwambie kwa sentensi nne: mama ni nani na ni mimba ya ngapi, umekuta nini, umefanya nini, gari linaondoka saa ngapi. Andika jina la aliyepokea na muda. Simu haichukui nafasi ya barua, kwa sababu aliyepokea simu alfajiri huenda akawa ameshamkabidhi mwenzake zamu mama atakapofika.

Hatua ya 2: Pima upya, na uanzie tumboni

Usiandike vipimo vya saa tatu zilizopita. Pima presha, mapigo ya moyo ya mama, joto, mapigo ya mtoto, na uchungu kwa dakika 10 kamili mkono ukiwa juu ya tumbo.

Halafu pima kichwa kwa vidole juu ya mfupa wa kinena. Vidole vitano vikienea juu ya kinena, kichwa chote bado kiko juu, yaani 5/5. Kidole kimoja tu, ni 1/5. Fanya hivi kabla ya kupima njia, nami nitasisitiza, kwa sababu hapa ndipo barua nyingi zinapompotosha daktari.

Kichwa kilichobanwa kwa saa nyingi huvimba ngozi ya juu (kaputi), na mifupa yake hupandana. Ukiingiza vidole unakutana na uvimbe ule uko karibu, unaandika "kichwa kimeshuka." Kumbe kilichoshuka ni uvimbe, kichwa chenyewe kiko palepale juu ya nyonga. Daktari akisoma kwamba kichwa kimeshuka, atafikiria kumvuta mtoto kwa vakyumu. Akisoma "4/5 juu ya kinena, kaputi kubwa" atajua mara moja kwamba huyu ni wa upasuaji. Tumbo halidanganyi kama njia inavyodanganya.

Unapopima njia, chukua mambo matano: sentimita za mlango wa kizazi, kama mlango umevimba, kaputi, kupandana kwa mifupa, na rangi ya maji. Kupandana kuna ngazi: 0 mifupa ikiwa imeachana, + ikigusana, ++ ikipandana lakini ukibonyeza inaachia, +++ ikipandana na haiachii. Pima mara moja tu. Kila mkono unaoingia baada ya chupa kupasuka unaongeza hatari ya maambukizi, na wenzako wa hospitali watapima tena.

Hatua ya 3: Andika muda kwa saa 24

Huu ni mtego wetu sisi tunaosema saa kwa Kiswahili. Mama mkwe anasema "chupa ilipasuka saa kumi na moja." Unaandika "saa 11." Daktari anasoma 11:00, yaani saa tano asubuhi. Mama mkwe alimaanisha saa kumi na moja jioni, 17:00. Saa sita zimeongezeka, na kwa mama mwenye homa saa hizo zinabadilisha hesabu ya maambukizi.

Uliza "asubuhi, mchana, jioni au usiku?" kisha ugeuze mwenyewe: 17:00. Kila mara weka na tarehe, kwa sababu uchungu wa namna hii huvuka usiku wa manane. Kama familia haina saa, tumia swala na jua (alfajiri, magharibi, jua la utosi) na uandike kwamba ni makadirio.

Hatua ya 4: Kichwa cha barua na sentensi ya kwanza

Juu kabisa andika YAH: kama barua nyingine yoyote, na chini yake sentensi moja yenye tatizo zima. Daktari aliyeamshwa usingizini husoma mstari huo na saini, na hayo mengine huyarudia akinawa mikono. Sentensi hiyo iwe na umri, mimba ya ngapi, amezaa mara ngapi, utambuzi wako, na ushahidi mmoja au miwili.

Usiruke "amezaa mara ngapi." Kizazi cha mwenye mimba ya kwanza kikipingwa kwa muda mrefu mara nyingi huchoka, uchungu ukapungua nguvu. Kizazi cha aliyezaa mara nne au tano hakichoki kirahisi. Kinapigana na kizuizi mpaka kipasuke. Mstari huo mmoja unamwambia daktari ni hatari ipi inayomkimbilia. Kama ana kovu la upasuaji wa zamani, liandike papo hapo kwenye sentensi ya kwanza.

Hatua ya 5: Historia fupi, ikiwa na mambo wasiyopenda kuyasema

Mistari minne inatosha: uchungu ulianza lini, chupa ilipasuka lini, alikula na kunywa mara ya mwisho lini (mtoa nusukaputi atauliza), na mambo ya kadi kama kundi la damu, wingi wa damu, mzio.

Kisha jibu swali la dawa. Je, amekunywa dawa ya kienyeji ya kuongeza uchungu? Je, kuna aliyemkandamiza tumbo ili mtoto atoke? Je, alipewa oksitosini au misoprosto mahali popote? Muulize mama mwenyewe, ndugu wakiwa nje. Kuandika "alikunywa dawa ya mitishamba mara mbili" si kumchongea. Uchungu mkali kupita kiasi unaweza kuwa umetoka humo, na kizazi kilichokandamizwa kinaweza kuwa kimejeruhiwa. Kama hakuna, andika "hakupewa." Ukikaa kimya, msomaji hajui kama uliuliza.

Na kwa upande wako: usimwekee oksitosini mama mwenye uchungu pingamizi, hata kama uchungu umelegea. Unaongeza nguvu ya kusukuma kitu kisichoweza kupita.

Hali ya maambukizi ya virusi vya UKIMWI iandikwe kwa alama zilezile zilizo kwenye kadi, si kwa maneno, na barua ifungwe kwenye bahasha. Barua hii inasafiri na mashemeji.

Hatua ya 6: Andika ulichokifanya, kiasi na saa

Kanula kubwa, namba 16 au 18. Dripu ya Ringa laktati au maji ya chumvi. Mpira wa mkojo. Dozi ya kwanza ya antibayotiki kwa mujibu wa mwongozo wa kituo chako. Kulala ubavu wa kushoto. Hali wala hanywi chochote kuanzia sasa.

Mpira wa mkojo ukikataa kupita, kichwa kinaweza kuwa kimeubana mrija. Usilazimishe. Andika "umekataa kupita" na muda. Ukipita, andika ujazo na rangi. Mkojo mwekundu unasema kibofu kimekandamizwa kati ya kichwa na mfupa, na mama wa namna hiyo, baada ya kujifungua, huenda akaachiwa mpira kwa wiki moja au mbili ili kibofu kipone na asipate fistula. Uamuzi huo hutegemea mstari wako mmoja, maana ikiwa mkojo umeshasafishwa na dripu njiani, hakuna mwingine aliyeuona ukiwa mwekundu.

Hatua ya 7: Omba kitu mahususi

"Tunaomba msaada zaidi" futa. Andika "naomba atathminiwe kwa upasuaji wa haraka, na damu iandaliwe." Wewe huamui upasuaji, lakini unaruhusiwa kusema unachokifikiria. Andika na ndugu wanaofuatana naye wanaoweza kutoa damu, na namba ya simu ya ndugu mmoja. Ridhaa ya upasuaji huisaini mama mwenyewe, kwa hiyo mweleze kabla hajaondoka, asije akasikia neno "kupasuliwa" kwa mara ya kwanza akiwa kitandani.

Barua yenyewe ikikamilika

Mfano huu ni wa mama mwenye miaka 19, mimba ya kwanza, aliyefika zahanati alfajiri baada ya kukaa na uchungu nyumbani mchana na usiku. Patografu haikuanzishwa. Dalili zilikuwa wazi tangu kipimo cha kwanza, na kumsubiri saa nne nyingine ili mstari uvukwe kwenye karatasi kungekuwa kumpotezea muda.

> Zahanati ya ………
> Tarehe 15/3, saa 06:35
>
> Kwa Daktari wa Zamu,
> Wodi ya Wazazi, Hospitali ya Wilaya.
>
> YAH: RUFAA YA DHARURA – BI. ………, MIAKA 19, UCHUNGU PINGAMIZI
>
> Mimba ya 1, hajawahi kuzaa, wiki 39 kwa kadi. Njia sm 8, kichwa bado 4/5 juu ya kinena, mifupa imepandana +++. Mtoto yuko hai na amechoka.
>
> Historia: Uchungu ulianza 14/3 saa 06:00. Chupa ilipasuka nyumbani 14/3 saa 17:00. Amefika hapa 15/3 saa 05:35. Alikunywa dawa ya mitishamba mara 2 usiku, aina haijulikani. Hakukandamizwa tumbo. Hakupewa oksitosini wala misoprosto. Uji mara ya mwisho 14/3 saa 21:00, maji 15/3 saa 04:00. Urefu sm 148, uzito kilo 52. Kundi la damu O chanya, damu 10.8 (kliniki, mwezi uliopita). Hana mzio unaojulikana. Hajawahi kupasuliwa.
>
> Vipimo saa 05:50: Presha 110/70, mapigo 112, joto 38.1. Uchungu 4 kwa dakika 10, kila mmoja sekunde 50. Mtoto mmoja, ametanguliza kichwa, 4/5. Mapigo ya mtoto 168. Hakuna mkunjo unaoonekana tumboni. Mlango wa kizazi sm 8, umevimba mbele. Kaputi kubwa. Kupandana +++. Maji mazito ya kijani, yana harufu. Hakuna damu ukeni.
>
> Tumefanya: 05:58 tumepiga 115. 06:00 kanula namba 16, Ringa laktati lita 1 inaingia. 06:05 mpira wa mkojo, umetoka mililita 150, mwekundu. 06:10 nimeongea na Dkt. ……… wa zamu. 06:15 ampisilini gramu 2 na jentamaisini miligramu 260 kwenye mshipa. Amelala ubavu wa kushoto, hali hanywi.
>
> Saa 06:30: Mapigo ya mama 108, mtoto 172. Dripu imebaki nusu.
>
> Maoni: Uchungu pingamizi, mtoto kachoka, maambukizi ndani ya kizazi.
>
> Ombi: Atathminiwe kwa upasuaji wa haraka. Naomba damu iandaliwe na mtu wa kumhudumia mtoto awepo. Ndugu wawili wanaofuatana naye wako tayari kutoa damu. Mama ameelezwa uwezekano wa upasuaji na amekubali. Simu ya mume: ………
>
> Anasindikizwa na muuguzi ………, akiwa na vifaa vya kuzalishia na ambu ya mtoto. Kadi ya kliniki imeambatanishwa.
>
> ……… (jina, cheo, saini, simu)

Tazama jinsi daktari anavyoitumia. Neno "maoni" liko karibu na mwisho, na lina mstari mmoja. Anaweza kutokubaliana na maoni yako, lakini hawezi kutokubaliana na 4/5 na +++. Jentamaisini imehesabiwa kwa uzito, miligramu 5 kwa kilo, na kilo 52 zimo kwenye barua, kwa hiyo anaweza kuhakiki dozi na hatamrudia mapema. Joto 38.1 pamoja na maji yenye harufu na saa 13 tangu chupa ipasuke vinaeleza kwa nini antibayotiki ilianzishwa. Na "hakuna mkunjo tumboni" ni taarifa yenye uzito: mkunjo unaokatiza tumbo karibu na kitovu ungeonyesha sehemu ya chini ya kizazi imevutika mno na iko karibu kupasuka.

Kuhusu Kiingereza: fomu nyingi zimechapishwa kwa Kiingereza na nambari hazina lugha. Jaza vichwa vyake, kisha maelezo uyaandike kwa lugha unayoweza kuandika haraka bila kuruka jambo. Hakuna daktari wetu asiyesoma Kiswahili.

Hatua ya 8: Nakala, bahasha, msindikizaji

Nakala moja baki nayo. Barua apewe muuguzi anayesindikiza, asipewe mume. Ndugu mara nyingi hupanda pikipiki nyuma ya gari, na barua ikabaki mfukoni mwake kilomita nyingi nyuma ya mgonjwa. Muuguzi anapokuwa njiani, kila baada ya dakika 15 hadi 30 anaongeza mstari nyuma ya barua: saa, mapigo ya mama, presha, mapigo ya mtoto. Sehemu ya mrejesho chini ya fomu usiikate. Hiyo ndiyo itakayokurudia na matokeo.

Makosa ninayokutana nayo sana

Barua inasema "mapigo ya mtoto yapo." Yapo mangapi? 130 na 175 ni watoto wawili tofauti kabisa.

Barua inasema "amefunguka kabisa" wakati mlango umevimba na sentimita 2 zimebaki mbele, na mama ameambiwa asukume tangu hapo. Kama alisukuma, andika tangu saa ngapi.

Patografu inabaki zahanati "kwa ajili ya kumbukumbu." Ipige picha kwa kumbukumbu zako, yenyewe iende na mama. Mstari wa tahadhari uliovukwa unaeleza zaidi ya aya nzima.

Muda unaandikwa baada ya tukio kwa kukisia, hivyo dripu inaonekana imewekwa kabla mama hajafika. Andika saa kwenye kiganja cha glavu au kipande cha plasta kadiri unavyofanya, kisha unakili.

Mambo yakienda kombo

*Fomu zimekwisha.* Karatasi ya daftari inakubalika. Fuata mpangilio wa mfano hapo juu, na muhuri wa zahanati ukiwepo ugonge.

*Mapigo ya mtoto huyasikii.* Sikiliza tena sehemu nyingine ya tumbo huku umeshika mkono wa mama, usije ukahesabu mapigo yake ukadhani ni ya mtoto. Ukishindwa, andika "hayasikiki kwa fetoskopu saa 06:30." Usiandike "mtoto amefariki", hilo litathibitishwa hospitali, na njia ya kumtoa itachaguliwa kulingana nalo. Rufaa inaendelea kwa haraka ileile, kwa sababu mama bado yuko hatarini.

*Uchungu umekoma ghafla baada ya kuwa mkali.* Usifurahi kwamba ametulia. Kama mapigo yake yanapanda, presha inashuka, tumbo linauma likiguswa au viungo vya mtoto vinashikika chini ya ngozi, kizazi kinaweza kuwa kimepasuka. Weka kanula ya pili, fungulia maji, piga simu hospitali upya, na juu ya barua kwa herufi kubwa andika: NASHUKU KIZAZI KIMEPASUKA, na saa. Usiandike barua mpya.

*Ndugu wanakataa.* Mara nyingi wanakataa gharama au kisu. Zungumza na mama kwanza, maana uamuzi ni wake. Akikataa yeye, andika kwenye kumbukumbu ulichomweleza na alichojibu, endelea na dripu na vipimo, na umuulize tena baada ya muda mfupi. Barua iliyokwisha kuandikwa iache mezani, akikubali muongeze vipimo vipya na muondoke.

*Hospitali inakuambia haina daktari wa upasuaji usiku huu.* Waulize palepale ni hospitali ipi inafanya upasuaji sasa, umwambie mtoa huduma wa 115 abadilishe safari, na ufute jina la hospitali ya kwanza kwenye barua kwa mstari mmoja unaosomeka. Kumpeleka mahali ambako hakuna chumba cha upasuaji, ili wao nao waandike rufaa, kunamla mama saa mbili.

*Gari limeharibika njiani.* Msindikizaji apige 115 tena na ataje mahali alipo kwa alama inayojulikana: shule, daraja, kituo cha mafuta. Aangalie dripu na mpira wa mkojo, apime mapigo ya mtoto, na aongeze mstari nyuma ya barua na saa ya kusimama, kwa sababu daktari atataka kujua pengo hilo limetoka wapi.